Mada moja hadi iishe, au maswali yaliyochanganywa? Mfano wa marekebisho ya mwisho wa mwaka katika uhasibu

Walimu wengi wa uhasibu hufundisha marekebisho ya mwisho wa mwaka kwa mpangilio wa sura za kitabu. Leo gharama zilizolipwa kabla, maswali kumi. Wiki ijayo gharama zinazodaiwa, mengine kumi. Halafu mapato yaliyopokelewa kabla, na mwisho mapato yanayodaiwa. Wanaoupinga mpangilio huu wanataka maswali ya aina zote nne yachanganywe tangu mapema. Kila upande una ushahidi wake, na mimi naona kila upande uko sahihi kwa sehemu tofauti ya safari.

Tuanze na wanaotaka kuchanganya, kwa sababu takwimu zao zinashtua. Mwaka 2007, Doug Rohrer na Kelli Taylor wa Chuo Kikuu cha South Florida waliwafundisha wanafunzi kanuni za kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilifanya maswali ya umbo moja mpaka yaishe ndipo likahamia jingine; kundi la pili lilipewa maswali yaleyale yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilipata asilimia 89 na la pili asilimia 60. Wiki moja baada ya mazoezi walipewa mtihani. Waliochanganya walipata asilimia 63. Waliokwenda umbo kwa umbo walishuka hadi asilimia 20.

Sababu ya anguko hilo inaonekana vizuri katika uhasibu. Chukua duka linalofunga hesabu 31 Desemba. Tarehe 1 Oktoba lililipa bima ya miezi 12, shilingi 1,200,000, na zote zikaandikwa kuwa gharama. Tarehe 1 Novemba mpangaji wa chumba cha nyuma alilipa pango la miezi sita, shilingi 1,800,000, na zote zikaandikwa kuwa mapato. Bili ya umeme ya Desemba, shilingi 180,000, haijalipwa wala kuandikwa. Mpangaji wa chumba kingine hajalipa pango la Desemba, shilingi 150,000.

Mwanafunzi akikutana na swali la bima chini ya kichwa cha habari "Gharama zilizolipwa kabla", kazi ngumu imeshafanywa na kichwa hicho. Kilichobaki ni kuhesabu miezi: mitatu imetumika, tisa bado, basi 900,000 zinatolewa kwenye gharama ya bima (krediti) na kuwekwa kwenye bima iliyolipwa kabla (debiti). Atapata kumi kwa kumi bila kujiuliza hata mara moja kama hii ni gharama au mapato, au kama fedha imetangulia au imechelewa. Maswali hayo mawili ndiyo yanayozigawa aina zote nne. Kwenye vitabu vya duka halisi hakuna kichwa cha habari kinachomjibia.

Kosa la kuchagua aina lina hatari nyingine: urari haulionyeshi. Pango la 1,800,000 lina miezi miwili tu ya mwaka huu, yaani 600,000. Zile 1,200,000 zilizobaki zinatakiwa zitoke kwenye mapato (debiti) na ziwe deni la duka kwa mpangaji (krediti). Mwanafunzi akidhani ni mapato yanayodaiwa, ataandika kinyume chake: debiti wadaiwa, krediti mapato. Sasa mapato ya pango yanasomeka 3,000,000 badala ya 600,000. Faida imezidi kwa 2,400,000, mara mbili ya kiasi chenyewe, na bado debiti na krediti zinalingana shilingi kwa shilingi. Kitakachomwokoa ni uwezo wa kutofautisha aina, na uwezo huo hauzoezwi na karatasi yenye aina moja.

Wanaotetea mada kwa mada, hata hivyo, wanajua jambo ambalo wenzao hulipita haraka. Akili hushika vitu vichache tu kwa wakati mmoja. Mtaalamu huonekana ana nafasi zaidi kwa sababu ameunganisha hatua nyingi kuwa fungu moja. William Chase na Herbert Simon walilionyesha hili mwaka 1973 kwa wachezaji wa sataranji: bingwa alikumbuka kete nyingi sana alipoonyeshwa kwa sekunde chache ubao wa mchezo halisi, lakini kete zilipopangwa ovyo, ubora wake ulitoweka. Mhasibu mzoefu yuko hivyo. Akiona ankara ya mauzo ya mkopo ya 1,000,000 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, haoni mistari mitatu. Mteja 1,180,000, mauzo 1,000,000, kodi 180,000 vinamjia kama kitu kimoja. Mgeni bado anajiuliza debiti ni upande gani. Huyu ukimpa aina nne zilizochanganywa, hatalinganisha chochote. Nguvu zote zitaishia kwenye kuhesabu miezi na kutafuta upande. Fungu hujengwa kwa kurudia kitu kilekile, na hapo maswali ya aina moja yanafanya kazi yake vizuri.

Ushahidi wa kuchanganya nao una mipaka. Matthias Brunmair na Tobias Richter walipojumlisha tafiti nyingi mwaka 2019, waliona faida kwenye michoro ya wasanii na kwenye hisabati, lakini katika kujifunza maneno kuchanganya kulirudisha watu nyuma. Kwangu hii ina maana kwamba majina ya akaunti na maana zake yajifunzwe kwa makundi. Pia sioni faida kubwa ya kuchanganya vitu ambavyo hakuna mtu angevifananisha. Ulinganisho wa hesabu ya benki na bima iliyolipwa kabla havigombani kichwani. Bima iliyolipwa kabla na pango lililopokelewa kabla vinagombana sana.

Lini basi mtu avuke kutoka maswali ya aina moja kwenda yaliyochanganywa? Asifuate tarehe ya ratiba, aangalie makosa. Anayetambua kwamba bima imelipwa kabla, lakini akaandika miezi minane, au akasita kuhusu upande wa debiti, hajajenga fungu; arudi kwenye maswali ya aina hiyohiyo. Anayehesabu 1,200,000 za pango sawasawa kisha akaziita mapato yanayodaiwa ana mafungu tayari. Kumpa maswali kumi zaidi yenye kichwa cha habari ni kumpotezea muda. Mwalimu anayesahihisha kwa alama moja tu ya kosa hawezi kuwatofautisha wanafunzi hawa wawili, na ndiyo maana napendelea swali lipewe alama mbili: moja ya aina na sababu yake, ikiandikwa kabla ya tarakimu yoyote, na nyingine ya ingizo lenyewe.

Wapo wanaosema kuchanganya kunakula muda, na pingamizi hilo ni la kweli. Rohrer na wenzake walipolijaribu jambo hili katika madarasa 54 ya hisabati huko Florida, matokeo wakayachapisha mwaka 2020, waliochanganya walipata asilimia 61 kwenye mtihani dhidi ya asilimia 38, lakini kazi zao zilichukua muda mrefu zaidi. Mwenye muhtasari mrefu na muda mfupi hahitaji kuongeza maswali. Katika yale kumi ya kila sura, manne yafanywe siku sura inapofundishwa. Sita yanayobaki yanakiliwa bila vichwa vya habari, yanachanganywa na sita ya kila moja ya sura nyingine tatu, na kugawanywa kidogo kidogo katika wiki zinazofuata.