Kesho Usipunguze Unga

Kwa miaka mitatu nilijaribu kuandika kuhusu mama yangu na kaka yangu, na kila nilipofika ukurasa wa pili niliacha. Sentensi zilikuwa za kweli zote. "Mama alimsubiri hadi mwisho." "Hakuna siku iliyopita bila kumtaja." Ukizisoma unaweza kuzipachika kwa mama yeyote na mtoto yeyote aliyepotea. Uchungu ulikuwa wangu, lakini maneno yalikuwa ya tangazo la msiba redioni.

Kilichonikwamua ni mahamri. Siku moja dada yangu aliniomba nimwandikie vipimo vya Mama, maana mimi ndiye niliyekuwa nakaa naye jikoni alfajiri nyumbani kwetu Tanga, kabla hajatoka barazani kuuza. Nikaandika kwenye karatasi: unga wa ngano kilo 2, sukari vikombe 2, hamira vijiko 2 vya chakula, iliki iliyosagwa vijiko 2 vya chai, tui la kwanza vikombe 4, liwe vuguvugu. Kanda mpaka unga uache kushika vidole. Funika, uache uumuke mpaka uwe mara mbili. Kata madonge 16, kila donge sukuma liwe duara, kata vipande vinne. Yaani mahamri 64. Nilipofika kwenye kugawanya nikaandika kile Mama alichokuwa akifanya kila siku, bila kufikiri kwamba ninaandika insha:

"Chagua manne yaliyofura vizuri, yaweke kwenye bakuli la bluu, funika kwa kawa. Yasiyofura yataliwa nyumbani. Yaliyobaki ni ya baraza. Yale manne yasipoliwa hadi magharibi, wape kuku. Kesho usipunguze unga."

Nilipoisoma tena nilikaa kimya muda mrefu. Kaka yangu aliondoka kwenda Maskati mwaka 2008, na baada ya miezi michache simu zake zikakoma. Hayo yote hayamo kwenye karatasi, lakini miaka ya kusubiri imo.

Uandishi wa namna hii una jina. Mwaka 2003 waandishi wawili wa Marekani, Brenda Miller na Suzanne Paola, waliuita kwa Kiingereza "hermit crab essay", wakiufananisha na yule kaa mdogo wa ufukweni anayeishi ndani ya gamba la konokono. Tumbo lake ni laini, halina ganda, kwa hiyo anaazima la mwingine ili aweze kutembea. Insha ya namna hii huazima umbo la maandishi ambayo hayakukusudiwa kubeba huzuni, kama vile mapishi, orodha au fomu, na jambo laini hujificha humo. Jina ni geni lakini tendo si geni pwani kwetu. Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa karibu na kufariki kwake, alimtungia binti yake utendi wa mwaka 1858 ambao sehemu yake kubwa ni maagizo: fanya hivi, usifanye vile. Wengi huusoma kama somo la adabu za ndoa tu. Mimi nikiusoma humwona mama anayejua hatakuwepo, na aliyechagua umbo la wasia kwa sababu wasia humwezesha kusema mengi bila kulia.

Nataka kukaa kwenye mapishi, kwa sababu ndiyo umbo watu wengi huanza nalo na ndilo wengi huharibu. Mmeshaona zile jumbe zinazotumwa kwenye simu msimu wa harusi: chukua vikombe vitatu vya uvumilivu, ongeza kijiko cha msamaha, koroga kwa upendo. Hilo ni kinyume kabisa cha ninachosema. Pale hisia ndizo zimetajwa kwa jina, na mapishi yamebaki pambo. Hakuna kinachopikika. Kwangu kipimo cha kwanza ni kwamba mapishi lazima yapikike. Mpe jirani karatasi yako. Akitoa mahamri mazuri, umeliheshimu gamba. Akikwama kwa sababu hukumwambia moto uweje, basi hata wewe hukuwa jikoni, ulikuwa unatafuta pa kumwaga machozi, na msomaji atalihisi hilo hata kama hajui kupika.

Ndiyo maana kwenye insha yangu nilibakiza mambo yote ya mafuta. Mafuta yakiwa baridi, hamri linakunywa mafuta na kubaki zito. Yakiwa moto kupita kiasi, linababuka nje na ndani linabaki bichi. Likishaingia kwenye karai, lichotee mafuta juu kwa upawa ili lifure. Msomaji mmoja aliniambia sehemu hiyo ni ndefu. Sikuipunguza. Anayejua jinsi hamri linavyokataa kufura ndiye atakayeelewa maana ya kuchagua manne yaliyofura kuliko yote, na kuyaficha watoto wa nyumbani wasiyaguse.

Kipimo cha pili ni lugha ya umbo lenyewe. Mapishi ya Kiswahili huagiza na kuweka masharti: chekecha, kanda, ukiona povu, usipoona povu. Hayaelezi sababu na hayasimulii ya jana. Rasimu yangu ya pili iliharibika hapo hapo. Niliandika: "Manne yaweke pembeni, kwa sababu Mama aliamini kwamba siku moja kaka atarudi." Lile "kwa sababu" moja lilivunja gamba zima. Sauti ya jikoni ilipotea, ikaja sauti yangu mimi mwandishi nikimshika msomaji mkono. Nikalifuta, na nikagundua kwamba kazi niliyotaka sentensi ile ndefu ifanye ilikuwa imeshafanywa na silabi chache za "yasipoliwa". Sharti lile linaacha mlango wazi. Halisemi hayataliwa. Linasema huenda leo yataliwa, na yasipoliwa, hili ndilo la kufanya. Mama aliishi ndani ya silabi zile mbili, "sipo", kila siku ya Mungu, na sarufi yetu inaweza kusema hivyo bila mimi kuongeza neno.

Jambo la tatu nililojifunza kwa kufuta ni kwamba uvujaji wa huzuni uwe mahali pamoja. Rasimu ya kwanza baada ya ile karatasi ya dada ilikuwa na sehemu tano zinazolia. Iliki ilinukia kama viganja vyake. Unga ulikuwa mweupe kama sanda. Donge liliumuka kama matumaini. Kila moja ilionekana nzuri peke yake, lakini zikiwa tano msomaji anashtukia tangu mstari wa pili kwamba hapa kuna msiba, na anapofika kwenye bakuli la bluu amekwisha kujikinga. Nikafuta zote. Nikabakiza iliki vijiko viwili, unga kilo mbili. Sasa mtu anasoma akiwaza karai na mkaa, mpaka anafika "kesho usipunguze unga", agizo la kawaida kabisa, na hapo ndipo linapomfika.

Orodha sitaisemea sana. Niliijaribu na vitu vilivyokuwa kwenye sanduku la kaka, nikaona ugumu wake ni mpangilio tu. Cheti cha kuzaliwa kikitangulia kiatu cha mpira, umeandika maisha ya mtu, na ukivigeuza, umeandika upekuzi.

Fomu ndiyo iliyonishangaza. Nguvu yake ni kwamba anayeuliza hakujui, na nafasi aliyokuachia haitoshi. Sensa ya Tanzania huhesabu watu waliolala katika kaya usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa. Mwaka 2012, siku hiyo ilikuwa tarehe 26 Agosti. Nyumbani tulilala watatu: Mama, dada na mimi. Karani alipouliza, Mama akataja wanne. Karani akarudia swali kwa upole: "Mama, waliolala hapa usiku wa kuamkia sensa." Mama akasema, "Ndiyo, wanne." Dada akainama, na mimi ndiye niliyesahihisha. Mwaka 2022, tarehe 23 Agosti, dada alikuwa ameshaolewa, karani akaja na kishikwambi badala ya karatasi. Tulilala wawili. Mama akataja watatu. Safari hiyo nilinyamaza kwanza, nikamsahihisha karani nje, mlangoni, Mama asisikie.

Hayo nimeyaandika kama dodoso lenye safu mbili, 2012 na 2022, maswali yale yale na majibu mafupi. Kwenye nafasi ya uhusiano na mkuu wa kaya, mtu wa mwisho ameandikwa "mtoto", na swali kama alilala hapa limeachwa tupu. Tupu ile ni ngumu kuitunza. Mwanzoni niliweka nukta nukta, zikawa za kuigiza. Kisha nikaandika "hajulikani", nikaona nimemjibia Mama jambo ambalo yeye hakulijibu. Nafasi ikabaki tupu kama karani ambavyo angeiacha iwapo asingepata jibu.

Lakini kuna mahali nililitumia umbo hili vibaya, na bado linaniuma. Wakala aliyempeleka kaka alichukua fedha za familia, kisha namba yake ikazimwa. Habari hiyo nayo niliiandika kama risiti: tarehe, kiasi, "kwa ajili ya". Waliosoma walisifu ubunifu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu wakala. Nilitambua kwamba pale nilihitaji kusema wazi nani alifanya nini, na risiti ilinisaidia kukwepa. Huzuni ya Mama ilikuwa ya kufichwa kwa sababu yeye mwenyewe aliificha, chini ya kawa. Dhuluma haikutaka kufichwa. Ile risiti nimeitoa, na ninaiandika upya kwa maelezo ya kawaida, neno kwa neno, kama mtu anayetoa ushahidi.

Mama alifariki mwaka 2023. Mapishi nilipoyamaliza nilimtumia dada kwenye simu, maana yeye ndiye aliyeomba vipimo. Hakujibu siku nzima. Usiku akapiga.

"Mdogo wangu, hamira umekosea. Vijiko viwili ni msimu wa joto. Kipupwe Mama alikuwa anatia viwili na nusu."

Nikamwambia nitaandika.

"Na Idi," akasema, "Idi hakuwa anaweka manne. Alikuwa anaweka sita."

Sikuwa nalijua hilo. Nimeliongeza baada ya hatua ya kugawanya, kwa maneno yake.