Thibitisha Kwamba Ulizaliwa

Jamani, anayesema pasi ya kusafiria ni kijitabu tu, muulizeni kama imewahi kumwishia muda akiwa ugenini. Yangu imekwisha. Nikaenda uhamiaji wa hawa wenyeji wangu kuhuisha kibali cha ukaazi, wakasema, "Lete kwanza pasi hai." Mbio hadi ubalozini kwetu. Dada wa dirishani: "Umejiandikisha hapa kama raia?" Bado. "Basi ili tukuandikishe, lete kibali cha ukaazi kilicho hai." Nikapigwa danadana hadi soli zikaisha.

Kilichonitoa hapo ni vikaratasi viwili ambavyo hakuna anayekutajia mpaka uulize mwenyewe. Uhamiaji niliomba stakabadhi kwamba ombi la kibali limepokelewa na linashughulikiwa. Ubalozini nikaomba barua yenye muhuri kwamba pasi mpya iko njiani. Si kila ofisi hukubali. Zangu zilikubali, kwa kununa.

Nikadhani yameisha. "Cheti cha kuzaliwa?" Mimi nilizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga, na mkunga hakuwa na muhuri. "Sasa tutajuaje kwamba ulizaliwa?" Dada yangu, si mimi huyu hapa, natokwa jasho mbele ya kioo chako!

Dawa yake ni hati ya kiapo. Mtu mzima anayekufahamu tangu utotoni anaapa mbele ya wakili au hakimu: ulizaliwa lini, wapi, na wazazi wako ni nani. Shangazi akaapa. Ila shangazi, na karani aliyemwandikia, wananijua kama Abdala, na pasi ya zamani inasema Abdallah. Herufi mbili tu! Ikabidi kiapo cha pili, kwamba Abdala na Abdallah ni mtu mmoja. Shangazi akapiga simu: "Mwanangu, umeua nani huko, mbona naapishwa kila kukicha?" Na viapo vyenyewe vije kwa posta, karatasi halisi yenye wino, maana picha ya simu hawataki hata kuitazama.

Ile pasi iliyokufa, hata iwe imeliwa na panya pembeni, msiitupe. Namba yake ndiyo iliyofukua faili langu.

Kuna mwerevu mmoja kwenye foleni akanishauri nichukue hati ya dharura nimalize kazi. Ahsante! Hiyo kwa kawaida ni ya safari moja ya kurudi nyumbani. Ukishafika, namna ya kurudi kwenye kibarua chako bila pasi wala kibali, shauri yako.

Ikabaki picha: milimita 35 kwa 45, uso ujaze asilimia 70 hadi 80 ya urefu wake, mdomo ufungwe. Mpigapicha akanionya, "Mzee, usitabasamu." Nikamuuliza, nitabasamie nini?