Barua kwa jirani wa juu: andika 21:00, usiandike saa tatu usiku

Tangu vita vianze Sudan Aprili 2023, familia nyingi za Kisudani zimehamia Nairobi, na baadhi yao sasa ni majirani zetu kwenye fleti. Wengi husoma Kiarabu, na Kiswahili bado hawajakizoea. Juzi Mama Zawadi wa ghorofa ya pili alinionyesha barua aliyotaka kumpelekea jirani anayeishi juu yake: "Jirani mpendwa, samahani kwa usumbufu. Kelele zimezidi, hasa baada ya saa tatu usiku. Tafadhali tuheshimiane." Nilimwomba asiipeleke kwanza. Kwetu hiyo ni barua ya adabu, ila mgeni akiisoma hataona jambo lolote analoweza kulifanya.

Tuanze na kelele zenyewe. Kwa Wasudani wengi, kahawa hukaangwa nyumbani na kutwangwa kwenye kinu. Anayetwanga husikia mlio mdogo tu wa mchi. Aliye chini hupata kila pigo kupitia zege, utadhani fundi anagonga dari. Kwa hiyo ukimwandikia "kelele", atafikiria televisheni au watoto. Atawanyamazisha watoto, na kinu kitaendelea vilevile kesho. Lazima utaje kitendo chenyewe. Na kabla ya kukitaja uwe na hakika, maana mlio unaopita kwenye zege husafiri hata kwa pembeni na unaweza kuwa unatoka nyumba nyingine kabisa. Mama Zawadi alipanda ngazi wakati mlio ukiendelea, akajua unatoka mlango gani.

Kisha saa. Jirani ataielekezea barua kamera ya simu, au atamwomba mwanawe aitafsiri. Programu inaweza kuigeuza "saa tatu usiku" kuwa 3 usiku, na msomaji wa Kiarabu akisoma hivyo ataelewa saa tisa za alfajiri. Ataona analalamikiwa kwa saa ambazo yeye mwenyewe huwa amelala. Ukiandika 21:00, kama simu yake inavyoonyesha, hakuna cha kutafsiri.

Barua tuliyoiandika upya ni hii:

"Salamu. Mimi ni Mama Zawadi. Ninaishi chini ya nyumba yako. Usiku unatwanga kahawa. Kinu kinagonga sakafu. Sauti inafika katika chumba cha mtoto wangu. Mtoto analala kuanzia 21:00 hadi 06:00. Ninaomba utwange kahawa kabla ya 21:00. Ukitwanga baada ya 21:00, tafadhali weka blanketi nene chini ya kinu. Sina hasira. Karibu nyumbani kwangu."

Ni sentensi fupi, kila moja na jambo lake. "Tuheshimiane" tuliiondoa kwa sababu mtu asiyejua kosa lake husoma humo kwamba ameonekana hana heshima. "Sina hasira" tukaiacha, ingawa mdomoni mwetu ni maneno makavu, kwa sababu mgeni anayepokea karatasi kutoka kwa mtu asiyemfahamu anahitaji kuambiwa hivyo waziwazi.

Tuliipitisha kwenye programu kwenda Kiarabu, kisha Kiarabu hicho tukakirudisha kwenye Kiswahili. Sentensi iliyorudi imepinda tuliiandika upya kwa maneno rahisi zaidi. Kiarabu hutofautisha mwanamke na mwanamume anayeambiwa, Kiswahili hakitofautishi, kwa hiyo mashine inaweza kumwita mama "wewe" wa kiume. Hilo atalielewa. Tuliziandika lugha zote mbili kwenye karatasi moja, Kiswahili kwa herufi zilizoachana, kwa sababu kamera husumbuka na mwandiko wa kuunganisha.

Kuna waliotushauri tutaje sheria. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zipo, na zinahesabu usiku kuanzia saa mbili. Mimi nilikataa, na ningekataa tena. Mtu aliyekimbia vita, ambaye huenda vibali vyake bado vinashughulikiwa, akiona jina la mamlaka ya serikali kwenye karatasi ataogopa, na mtu mwenye hofu hafungui mlango. Kwa sababu hiyohiyo barua haikubandikwa mlangoni ambapo kila mpita njia angeisoma, wala haikutumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha jengo. Mama Zawadi aliipeleka mwenyewe mchana, akamkabidhi mkononi.

Blanketi halimalizi mlio wote. Linapunguza kishindo kinachoingia kwenye zege, lakini mgongano wa mchi na kinu bado utasikika kidogo. Kipande cha godoro la sponji chini ya ubao unaobeba kinu husaidia zaidi, mradi kinu kisiyumbe. Ikibidi barua ya pili, ipelekwe baada ya wiki hivi, ianze kwa kushukuru kwa kilichobadilika, kisha itaje kilichobaki, kwa saa za namna ileile.