Dakika Ambazo Grafu ya Kupoa Inasimama

"Mwalimu, neli sita za kupoza zinakula kipindi kizima, na nyingine zinashuka chini ya kiwango chake kabla ya kuganda. Kwa nini tusipashe sampuli kwenye kapilari, vile vijineli vyembamba vya kioo, tusome zinapoyeyuka, tuchore mchoro wetu wa halijoto dhidi ya uwiano wa mchanganyiko, tumalize?"

Kwa nusu ya mchoro huo, kapilari inashinda, na nitasema wapi. Ila wengi wanaoipigia debe wanaiona grafu ya kupoa kama njia ya kusoma halijoto tu. Kipimo chake cha pili, yaani muda, wanakitupa. Mimi naona humo kwenye muda ndimo ulimo uzito wa zoezi zima.

Nichukue naftalini na bifenili, jozi inayofaa kwa sababu vitu hivi vinachanganyika vizuri vikiwa kimiminika na kutengana vikiganda. Naftalini safi huyeyuka kwenye nyuzi 80, bifenili kwenye 69. Mchanganyiko wake wa yutektiki, ule unaoyeyuka chini kuliko michanganyiko yote mingine ya viwili hivyo, huganda kwenye nyuzi 39 hivi.

Pima gramu 8 za naftalini na gramu 2 za bifenili, yeyusha kwenye maji ya moto, kisha tia neli hiyo ndani ya neli pana zaidi ili hewa iliyo katikati ipunguze kasi ya kupoa. Koroga taratibu na usome kipimajoto kila nusu dakika. Mwanzoni halijoto inashuka haraka. Karibu na nyuzi 70 mteremko unalegea: fuwele za naftalini zimeanza kutoka, na kila fuwele inayotoka inaachia joto linalochelewesha kupoa. Kimiminika kinachobaki kinazidi kuwa na bifenili nyingi, kwa hiyo kinahitaji baridi zaidi ili kiendelee kutoa naftalini. Ndiyo maana mstari haulali hapo, unashuka tu kwa uvivu. Ukifika nyuzi 39, kimiminika kilichobaki kimekuwa na uwiano wa yutektiki. Sasa vitu vyote viwili vinaganda kwa pamoja, uwiano haubadiliki tena, na grafu inasimama.

Lawama dhidi ya njia hii inahusu hasa ile nyuzi 70, na ni lawama ya haki. Fuwele ya kwanza haipendi kuzaliwa. Kimiminika kinaweza kushuka hadi 67 kikiwa bado angavu, kisha fuwele zikatoka ghafla na kipimajoto kikapanda. Kwa kitu safi hakuna hasara, kwani mstari unarudi mpaka kwenye kiwango chake halisi na kulala hapo. Kwa mchanganyiko haurudi. Fuwele zilizotoka kwa kishindo zimeshabeba naftalini nyingi, kimiminika kimeshabadilika, na kilele unachokisoma kiko chini ya kiwango cha kweli. Mwanafunzi anayeandika kilele hicho anaushusha mstari wote wa juu wa mchoro wake, ule wa halijoto ambazo fuwele za kwanza zinatoka. Dawa ipo: chukua ule mteremko wa uvivu baada ya bonde, uurefushe kurudi nyuma kwa rula mpaka ukutane na mteremko wa mwanzo, usome hapo. Kudondosha chembe ya naftalini kwenye neli nyuzi mbili tatu kabla pia kunasaidia sana. Lakini rula ni makadirio. Kitu kinachopashwa taratibu hakina tabia hii, kwa sababu fuwele zipo tayari na zinayeyuka kwa wakati wake. Ukitaka kujua halijoto ambayo fuwele ya mwisho ya mchanganyiko wa 8 kwa 2 inatoweka, kapilari itakupa jibu safi kuliko neli yangu.

Kuna hoja nyingine upande huo nisiyoipuuza. Kapilari inatumia miligramu chache, neli inatumia gramu 10. Mvuke wa naftalini ni hatari kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kwani unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yake, na upungufu huo si nadra kwenye maeneo yetu yenye malaria. Neli zipashwe ndani ya kabati la kufyonza hewa. Kama hakuna kabati, sitabishana na anayechagua kapilari.

Sasa turudi kwenye ile nyuzi 39. Anayetumia kapilari anaona sampuli ikianza kulowa kwenye halijoto hiyo, na akifanya hivyo kwa michanganyiko kadhaa anapata mstari wa chini wa mchoro. Anajua halijoto ya yutektiki. Hajui uwiano wake, isipokuwa kwa kurefusha mistari miwili ya juu mpaka ikutane, na mistari hiyo imepinda, kwa hiyo mahali pa kukutana panategemea mkono wa mchoraji. Grafu ya kupoa inatoa uwiano huo kwa njia nyingine kabisa: inauliza mstari ulisimama kwa muda gani.

Fikiri hivi. Joto linalotoka wakati wa kusimama linatokana na kimiminika cha yutektiki kilichobaki. Kikiwa kingi, kusimama kunakuwa kurefu. Kwenye jozi yetu, yutektiki ni takribani asilimia 60 bifenili kwa uzito. Katika neli ya 8 kwa 2, bifenili yote gramu 2 imo ndani ya kimiminika hicho cha mwisho. Ikiwa gramu 2 ni asilimia 60 yake, basi kimiminika chenyewe ni gramu 3.3, yaani theluthi moja ya neli. Theluthi mbili zimeshaganda njiani kama naftalini. Kwa hiyo, kama neli yenye yutektiki tupu inasimama dakika 15, hii itasimama dakika 5.

Neli ya gramu 6 za naftalini kwa 4 za bifenili itakuwa na gramu 6.7 za kimiminika cha mwisho, nayo itasimama dakika 10. Ile ya 4 kwa 6 ndiyo yutektiki yenyewe. Ukivuka kwenda 2 kwa 8, sasa bifenili ndiyo inayotoka kwanza na naftalini ndiyo inayobanwa: gramu 2 ni asilimia 40 ya kimiminika cha mwisho, kwa hiyo kipo gramu 5, na kusimama ni dakika 7 na nusu. Chora muda huo dhidi ya asilimia ya bifenili kwa uzito. Unapata mistari miwili iliyonyooka, mmoja ukipanda kutoka sifuri upande wa naftalini, mwingine kutoka sifuri upande wa bifenili, na inakutana juu ya 60. Hata kama hukuwahi kutengeneza neli ya 4 kwa 6, kilele cha pembetatu kinakuonyesha ilipo. Gustav Tammann alitumia hoja hii hii kuchunguza aloi mwanzoni mwa karne ya 20, na pembetatu bado inabeba jina lake.

Njia hii ina masharti yake, na likivunjwa moja pembetatu inavurugika. Uzito wa kila neli uwe sawa, kwa sababu tunalinganisha kiasi cha joto. Mhimili uwe wa uzito. Kwa sehemu za moli, mistari hainyooki. Sharti linalosahaulika ni halijoto ya mazingira. Niliwahi kusimamia kundi lililopoza neli tatu asubuhi chumba kikiwa na nyuzi 27, na nyingine mchana chumba kikiwa kimefika 30. Mistari yao ilikataa kukutana mahali panapoeleweka. Walidhani wamekosea mizani. Nilipowaambia watoe 27 kwenye 39 wakapata 12, kisha watoe 30 wakapata 9, waliona wenyewe. Kasi ya neli kupoteza joto inafuata tofauti hiyo, kwa hiyo neli za mchana zilisimama muda mrefu kwa theluthi nzima bila kuwa na yutektiki zaidi. Katika mji wa joto kama Dar es Salaam tofauti kati ya chumba na nyuzi 39 ni ndogo, na feni ikiwashwa au dirisha likifunguliwa inatosha kuharibu kazi. Tangu siku ile neli za nje zote zinakaa kwenye beseni kubwa la maji, kipimajoto cha pili kikiwa ndani yake.

Mwisho wa kusimama nao una ukungu. Neli ikishajaa fuwele, kikorogeo kinakwama, kingo zinaganda kabla ya katikati, na pembe ya grafu inakuwa mviringo. Rula inarudi tena: refusha mteremko wa baadaye mpaka ukate mstari uliolala. Kosa la nusu dakika kwenye dakika 15 si kitu. Kwenye neli ya 9.5 kwa 0.5, ambayo kwa hesabu ingesimama dakika 1 na robo tu, kosa hilo ni kubwa mno, na mimi siitumii kunyoosha mstari.

Kipo kifaa kinachounganisha faida zote mbili, kile kinachopasha sampuli ya miligramu chache na kupima joto inalonyonya. Eneo chini ya kilima cha yutektiki kwenye karatasi yake linafanya kazi ya dakika zetu, na wanaokitumia huchora pembetatu ile ile. Ghali ni kifaa, hesabu ni moja.

Kitu ninachokitetea zaidi kinaonekana ukiacha naftalini na kwenda kwenye risasi na bati, aloi ya mafundi wa kulehemu. Yutektiki yake huganda kwenye nyuzi 183, ikiwa na bati asilimia 62 hivi. Hapa risasi iliyoganda inameza bati kidogo ndani ya fuwele zake, hadi asilimia 19 kwa uzito kwenye halijoto hiyo. Kwa hiyo upande wa risasi mstari wa pembetatu haufiki sifuri kwenye risasi tupu. Unafika sifuri kwenye 19, na upande wa pili kabla kidogo ya bati tupu. Aloi ikipozwa haraka itasimama kidogo hata ndani ya mpaka huo, kwa kuwa fuwele hazikupata muda wa kumeza bati yote, hivyo upoaji lazima uwe wa taratibu sana. Ukiupa muda huo, utaona mstari ukielekeza mbali na pembe ya mchoro, na swali la wapi fuwele zinaacha kuwa safi litakuwa limejibiwa kwa saa na kipimajoto.

Kwa kipindi cha saa tatu, basi, ningegawa kazi hivi: kapilari zisome mstari wa juu, na neli nne zenye uzito sawa, ndani ya beseni moja, zipimwe dakika zake za kusimama, mbili kila upande wa 60.