Kichomi cha ghafla kwa kijana mrefu mwembamba: umbo linasema nini, halisemi nini

*"Mdogo wangu ana miaka 22, mrefu halafu mwembamba. Jana jioni alikuwa amekaa tu dukani Kariakoo, mara kifua upande wa kulia kikamchoma na pumzi ikawa fupi. Duka la dawa wamempa diklofenaki, wanasema ni misuli. Rafiki yake aliyesomea unesi anasema pafu limesinyaa. Tumwamini nani?"*

Leo hii apelekwe hospitali yenye eksirei, hata kama ameamka na nafuu. Na nafuu hiyo isiwadanganye. Pafu likisinyaa kwa kijana asiye na ugonjwa mwingine, maumivu mara nyingi hutulia ndani ya saa 24 huku pafu lenyewe likiwa bado halijarudi. Sifa zote huenda kwa diklofenaki, kijana anarudi kazini, na hewa imebaki pale pale kifuani.

Rafiki yake ana hoja nzito. Kati ya pafu na ukuta wa kifua kuna nafasi nyembamba ambayo kwa kawaida haina hewa, na shinikizo lake ni la chini kuliko la hewa ya nje. Hilo ndilo linaloliweka pafu likiwa limetanuka. Kwa mtu mrefu mvuto huo ni mkali zaidi kileleni, karibu na mtulinga, na huko ndiko malengelenge madogo ya hewa hujitokeza juu ya pafu. Lengelenge moja likipasuka, hewa huvujia kwenye ile nafasi na pafu hunywea. Wala hahitaji kubeba gunia au kukimbia: mara nyingi hutokea mtu akiwa amekaa au amesimama tu. Akiwa mvuta sigara, hatari inapanda mara nyingi, na bangi nayo imo.

Kwa hiyo umri, jinsia, umbo, ughafla na upande mmoja unaochoma zaidi akivuta pumzi vyote vinaelekea huko. Wapo madaktari ambao kwa maelezo hayo tu wangeweka dau, na mara nyingi wangeshinda.

Upande wa pili una hoja ambayo hatuwezi kuipuuza, hasa hapa Dar. Umbo hilohilo linaweza kuwa dalili ya mambo mengine mawili.

La kwanza ni kifua kikuu. Swali la kuuliza ni kama amekuwa mwembamba tangu utotoni au amekonda. Mkanda wa suruali umeongezwa tundu? Kuna kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku? Kifua kikuu nacho kinaweza kutoboa pafu na kuingiza hewa kifuani, na hapo matibabu yanabadilika: kuondoa hewa peke yake hakutoshi, makohozi lazima yapimwe kwa GeneXpert, na hali ya VVU ijulikane. Ukimwita mgonjwa huyu "kijana mrefu tu" umemkosa.

La pili ni nadra lakini linaua haraka: kuchanika kwa aota, mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo. Watu wenye Marfan, ugonjwa wa kurithi unaolegeza tishu za mwili, huwa warefu, wembamba, wenye vidole virefu, na wao wako katika hatari ya pafu kunywea na ya aota kuchanika pia. Mwambie akunje ngumi huku kidole gumba kikiwa ndani. Je, ncha yote ya gumba inatokeza upande wa kidole kidogo? Kisha ashike kifundo cha mkono wa pili. Je, gumba linafunika ukucha wa kidole kidogo? Akijibu ndiyo mara zote mbili, mwambieni daktari, na muulizane kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Maumivu ya aota huwa makali kupita kiasi tangu sekunde ya kwanza, huelekea mgongoni, na kwa kawaida hayabadiliki akivuta au akizuia pumzi. Shinikizo la damu likipimwa mikono yote miwili likatofautiana kwa 20 au zaidi, mshipa huo uchunguzwe haraka.

Mengine yana alama zake. Damu iliyoganda kwenye mishipa ya mapafu huleta kichomi na pumzi fupi vilevile, ila mara nyingi kuna kisa nyuma yake: plasta ya mfupa mguuni, kulazwa, upasuaji, safari ndefu ya basi, au goti kushuka chini kumevimba mguu mmoja. Utando wa moyo ukivimba, maumivu huzidi akilala chali na hupungua akiinama mbele. Nimonia huja na homa na kikohozi. Mwenye selimundu akipata kichomi na pumzi fupi ni dharura bila mjadala. Na misuli? Ipo, na ukibonyeza kwa kidole anakuonyesha penyewe. Lakini misuli haimfanyi mtu ahesabu pumzi akiwa amekaa, na maumivu ya mbavu yakibonyezwa yanaweza kuwepo pamoja na pafu lililosinyaa. Ndiyo maana jibu la duka la dawa, ingawa si la kijinga, halikupaswa kuwa la mwisho.

Tuchukue mfano wa kijana wa kufikirika wa aina hiyo akiwa mbele ya daktari. Urefu sentimita 186, kilo 58, uzito uleule kwa miaka. Anapumua mara 24 kwa dakika, mapigo 104, shinikizo 118/76 mikono yote, oksijeni kidoleni 96. Hiyo 96 isimtulize mtu: kijana mwenye pafu la pili zima anaweza kuonyesha namba nzuri kabisa.

Akivuliwa shati, upande wa kulia haupandi sana kama wa kushoto. Daktari anaweka kidole cha kati kifuani na kukigonga kwa kingine, kulia kisha kushoto, kwa kulinganisha. Kulia panatoa mlio mtupu, wa wazi. Kungekuwa na maji au nimonia, pangetoa mlio mzito, uliozibwa. Kwa kifaa cha kusikilizia kifua, pumzi za kulia zinasikika kwa mbali. Hewa ikiwa kidogo, yote haya yanaweza kuonekana sawasawa, kwa hiyo picha hupigwa tu.

Picha ipigwe amesimama au amekaa wima. Akilala, hewa husambaa mbele na picha inaweza kuonyesha kifua kizima. Kinachotafutwa ni uzi mweupe, mwembamba, unaofuata umbo la pafu, na nje yake weusi usio na michirizi yoyote ya mishipa. Mtego uko hapa: lengelenge kubwa la pafu nalo ni weusi usio na michirizi, lakini ukingo wake hupinda kuelekea ndani kama bakuli. Ukiingiza mpira wa kutolea hewa humo umelitoboa pafu lililokuwa halijatoboka. Penye shaka, CT kwanza. Altrasaundi nayo husaidia pale kitandani: pafu zima linaonekana likiteleza kila pumzi, lililosinyaa halitelezi.

Kijana wetu ana nafasi ya sentimita 2.5 kati ya uzi ule na ukuta wa kifua, ikipimwa usawa wa mzizi wa pafu, pale mishipa na njia ya hewa vinapoingilia. Sentimita 2 huko ni karibu nusu ya ujazo wa upande huo, kwa hiyo si hewa ndogo. Kipimo cha umeme wa moyo ni cha kawaida, vidole havina alama za Marfan, hakuna kikohozi. Rafiki alikuwa sahihi.

Sasa unakuja ubishi ambao kwa maoni yetu ndio mgumu zaidi: itolewe hewa au aachwe? Kwa miaka mingi nafasi ya zaidi ya sentimita 2 ilimaanisha sindano au mpira. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofanyika Australia na New Zealand kwa wagonjwa 316 wa miaka 14 hadi 50 waliopata tatizo hili kwa mara ya kwanza, hewa ikiwa ya wastani au nyingi. Katika kundi lililoachwa lipone lenyewe, takriban 85 kati ya kila 100 hawakuhitaji kutolewa hewa, na ndani ya miezi 12 tatizo liliwarudia wachache kuliko waliowekewa mpira. Mpira wenyewe unauma, unaweza kuleta maambukizi na humweka mtu wodini siku kadhaa.

Lakini wale walichaguliwa. Walikuwa hawana ugonjwa wa mapafu, waliangaliwa angalau saa 4, wakapigwa picha ya pili, na waliondoka wakiwa wanatembea bila kuhema. Mwili hunyonya hewa hiyo polepole, asilimia 1 hadi 2 hivi ya upande huo kwa siku, kwa hiyo nusu ya kifua ni jambo la wiki kadhaa. Tukipima yote, kijana anayeongea sentensi nzima, ana mtu wa kulala naye nyumba moja na anaweza kufika hospitali usiku wa manane, aachwe na arudi kupigwa picha. Anayeishi peke yake pembezoni mwa Kigamboni, au anayehema akivaa viatu, hewa itolewe. Mwenye dalili za kifua kikuu asiingizwe kwenye hesabu hii kabisa.

Akiwekewa mpira, ndugu wanaokaa kitandani wajue mambo mawili. Chupa yenye maji ambamo mpira huishia ikae sakafuni muda wote, chini ya kifua. Ikinyanyuliwa wakati wa kumhamisha, maji yanaweza kurudi kifuani. Na mpira usibanwe wala kufungwa ilhali unatoa mapovu, maana hewa itajikusanya bila pa kutokea.

Kujikusanya huko ndiko hatari yenyewe, awe na mpira au hana. Pumzi zinamwishia kwa dakika, mapigo yanapita 120, shinikizo la damu linashuka, midomo inabadilika rangi, pengine mishipa ya shingo inavimba. Huyo hasubiri picha: daktari huchoma sindano nene kifuani hapohapo, kisha mpira. Nyumbani, dalili hizo zikianza, apelekwe kwa bajaji au gari akiwa amekaa wima, si kwa bodaboda.

Akishapona, takriban mmoja kati ya watatu hurudiwa, wengi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ikijirudia upande uleule, ni zamu ya daktari wa upasuaji wa kifua kuondoa malengelenge na kulishikiza pafu ukutani. Ndege ya kwenda Mwanza isubiri picha inayoonyesha pafu limerudi, kisha siku 7 zaidi. Kuzamia kwa mtungi wa hewa huko Zanzibar aache kabisa, isipokuwa amefanyiwa upasuaji pande zote mbili na daktari amemruhusu.