Asilimia 10 inaposhindwa na asilimia 9

Juma lililopita mpwa wangu, ambaye ndiyo kwanza ameanza kupokea mshahara, aliniletea karatasi mbili za akaunti ya muda maalumu, akitaka kujua mahali pa kuweka shilingi milioni moja yake. Karatasi ya kwanza iliahidi riba ya kawaida ya asilimia 10 kwa mwaka. Ya pili, riba ya asilimia 9 inayoongezwa kwenye akiba kila mwezi. Zote mbili zilimruhusu kuchagua muda, mradi usizidi miaka mitatu. Alikuwa amekwisha kuichagua ya kwanza, na sikumlaumu, kwa sababu matangazo yameandikwa ili jicho litue kwenye asilimia.

Riba ya kawaida hukokotolewa kwenye mtaji ulioweka siku ya kwanza, basi. Milioni yake ingezaa 100,000 kila mwaka, na baada ya miaka mitatu angekuwa na riba ya 300,000.

Katika riba mchanganyiko, riba iliyopatikana huunganishwa na mtaji, nayo huanza kuzaa. Asilimia 9 ukiigawa kwa miezi 12 unapata 0.75, kwa hiyo mwezi wa kwanza angepata shilingi 7,500. Mwezi wa pili hesabu inafanywa kwenye 1,007,500, naye anapata 7,556. Hizo shilingi 56 za ziada ni riba ya riba, na ni chache kiasi kwamba mtu huzipuuza. Mwaka wa kwanza ukiisha ana riba ya 93,807, bado yuko nyuma; wa pili, 196,414, bado yuko nyuma kidogo. Anaipita ile ya kwanza katika mwezi wa 29, na mwisho wa mwaka wa tatu ana 308,645.

Ndiyo maana naamini kwamba kuuliza asilimia peke yake ni kuuliza nusu ya swali. Nilimwomba arudi kaunta aulize riba ya kila mwezi inaingia wapi. Ikiwa inahamishiwa kwenye akaunti yake ya kawaida badala ya kubaki kwenye mtaji, hakuna kinacholimbikizwa, na ile asilimia 9 itampa 270,000 tu kwa miaka mitatu. Aulize pia kuhusu kodi ya zuio, ambayo hapa Tanzania ni asilimia 10 ya riba: ikikatwa kila mwezi, kinacholimbikizwa hupungua, na ile tofauti ya 8,645 hushuka hadi kama 4,000.

Kisha nikamuuliza fedha hizo anazitaka lini. Akasema baada ya mwaka mmoja na nusu, anunue cherehani. Kwa miezi 18, riba ya kawaida inampa 150,000 na ile nyingine 143,960 kabla ya kodi, kwa hiyo nilimwambia abaki na karatasi yake ya kwanza, ila aandikishe miezi 18 na si miaka mitatu, maana akivunja mkataba kabla ya muda anaweza kuipoteza riba yenyewe.