Picha ya Uongo Juu ya Tukio la Kweli: Tuionyeshe au Tuifiche?

Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu ya Lindi kwenda Dar es Salaam huko Somanga, wilayani Kilwa, wasafiri wa Kusini walikwama kweli. Tukio la namna hii humpa kazi ngumu anayesahihisha uvumi, kwa kuwa picha inayosambaa inaweza kuwa ya kwingine ilhali habari iliyoandikwa chini yake ni ya kweli. Tuchukue mfano wa kubuni: picha ya lami iliyomegwa na maji, lori likining'inia ukingoni, na maneno "Somanga sasa hivi, msisafiri".

Kwanza picha hutafutwa kwa Google Lens na TinEye, mitambo inayoonyesha mahali pengine mtandaoni ambapo picha imewahi kuonekana. TinEye ina mpangilio wa "Oldest", unaotanguliza nakala iliyonaswa zamani zaidi, ingawa tarehe inayoonyeshwa hapo ni ya siku mtambo wenyewe ulipoiona, hivyo ni lazima kufungua ukurasa husika na kusoma habari iliyokuja na picha. Tuseme nakala hiyo imetoka katika habari ya Machi 2019, Kimbunga Idai kilipoipiga Beira nchini Msumbiji. Hapo swali la tarehe limekwisha, maana picha iliyokuwapo 2019 haiwezi kuwa ya 2024. Kinyume chake hakina nguvu hiyo: kukosa nakala ya zamani hakuthibitishi kwamba picha ni mpya, kwani iliyokatwa pembezoni au kugeuzwa kushoto kuwa kulia inaweza kuuponyoka mtambo. Taarifa za kamera zinazohifadhiwa ndani ya faili la picha nazo hazitusaidii, kwa kuwa WhatsApp huziondoa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida.

Inabaki kuisoma picha yenyewe. Namba za gari za kwetu huanza na T, zikafuata tarakimu tatu na herufi tatu. Za Msumbiji zina herufi tatu, tarakimu tatu, kisha herufi mbili za mkoa. Hata hivyo malori huvuka mipaka, na nchi zote mbili huendesha kushoto, kwa hiyo mimi hukiamini zaidi kibao cha barabarani chenye Kireno kuliko namba ya lori. Baada ya hapo hupigiwa simu mtu aliyepo Somanga, naye haulizwi kama picha ni ya kweli, bali anachokiona mbele yake.

Ugumu huanza katika kuandika maneno ya video ya kusahihisha uvumi huo. Wapo wanaosema picha ya uongo isionyeshwe kabisa, kwa sababu kila anayeiona huizoea, na baada ya wiki mbili hukumbuka lori akasahau masahihisho. Hoja hiyo ina uzito, hasa pale uvumi ulipobaki katika kundi moja dogo. Kuutangaza uvumi huo kwa mkoa mzima ni kuusaidia kusafiri. Wengine hujibu kwamba mama wa Nachingwea aliyetumiwa picha ile hatatambua kwamba ndiyo inayozungumzwa asipoiona. Kwa picha iliyokwisha kuenea naegemea upande huu wa pili, kwa sharti kwamba maneno "SI SOMANGA" yapite katikati ya picha na yasiwekwe pembeni, ili anayeikata asiweze kuirudisha ikiwa safi.

Usawa unadai pia kwamba video isianze kwa kupiga kelele "uongo!", kwani msikilizaji anaweza kudhani barabara inapitika akapanda basi. Kwa video ya sekunde 40 hivi, ningeandika:

"Barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam imekatika kweli Somanga. Lakini picha hii ya lori si ya Somanga. Ilichapishwa Machi 2019 katika habari za Kimbunga Idai, Beira, Msumbiji. Tazama kibao hiki: kimeandikwa kwa Kireno. Tumezungumza na mtu aliyepo Somanga leo asubuhi. Anasema maji bado yanapita na magari yamesimama. Usisafiri kabla ya kupata taarifa ya TANROADS. Picha hii usiitume tena."

Ukweli umetangulia, uongo umetajwa mara moja, na ushahidi ni ule ambao mtazamaji anaweza kuukagua kwa macho yake. Aliyeituma hakutajwa, na nadhani ni haki, kwa sababu wengi hutuma kwa kuwahofia ndugu walioko safarini. Anayepinga atasema kwamba bila kutaja jina mzushi hukwepa lawama. Lakini wa kwanza kutuma ni nadra kujulikana, na anayebambikwa lawama mara nyingi ni jirani aliyeipokea akiwa wa ishirini.

Tarehe na saa ya ukaguzi viandikwe juu ya skrini muda wote, wala visiachwe kwa msimulizi peke yake. Barabara ikishatengenezwa, video isiyo na tarehe inayosema "imekatika kweli" itaibuka tena masika ijayo, na safari hiyo video yenyewe ndiyo itakayokuwa uvumi.